Konsoli imeganda kwenye bendi ya 2.4? Tenganisha majina ya waifai

Swali hili haliishi: "Simu yangu inapata kasi nzuri, ila konsoli iliyo chumba hichohicho inajikongoja. Tatizo ni mtandao au konsoli?" Mara nyingi si mtandao wala si konsoli. Ruta inatoa bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, zote kwa jina moja. Simu imeingia ya 5, konsoli imeingia ya 2.4 iliyojaa watu, na kwa kuwa jina ni moja huoni tofauti yoyote kwenye kioo.

Tuseme kifurushi chako ni cha megabiti 100 kwa sekunde. Unapima kwa simu ukiwa umesimama kando ya televisheni, unapata 90. Unapima kwa konsoli palepale, unapata 18. Gemu la gigabaiti 45 kwa kasi ya 90 linashuka kwa saa moja na dakika chache. Kwa 18 ni saa tano na nusu. Ukicheza na wenzako mtandaoni mambo huwa mabaya zaidi, maana bendi iliyojaa hailegezi kasi tu, inachelewesha data kwa vipindi: sekunde hii uko sawa, inayofuata mchezaji wako anarudishwa nyuma hatua tano.

Dawa ni kuipa kila bendi jina lake, kisha kuiambia konsoli iingie ya 5 tu. Kazi yenyewe haizidi nusu saa.

## Kabla hujaanza

Hakikisha kwanza konsoli yako inaijua bendi ya 5. PS5 zote zinaijua, Xbox One na Xbox Series zinaijua, na Nintendo Switch pia. PS4 ndiyo yenye mtego. Ile ya kwanza ya mwaka 2013 ina 2.4 peke yake, ilhali Slim na Pro zilizotoka 2016 zina zote mbili. Angalia namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma: ikianza na `CUH-10`, `CUH-11` au `CUH-12`, ni ile ya kwanza na haitaiona bendi ya 5 hata ukeshe. `CUH-2` ni Slim, `CUH-7` ni Pro. Kama yako ni ya kwanza, acha hatua hizi, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta.

Ruta nayo iwe na bendi mbili. Kibandiko chake kikisema `AC1200` au `AX1800`, iko sawa. Kikisema `N300`, hiyo ni ya 2.4 tu. Vile viruta vidogo vya mfukoni navyo vichunguze, kwa sababu vingine hutoa bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiwasha ya 5 vifaa vyote vya 2.4 vinakatika.

Uwe na vitu hivi mkononi:

- simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo
- nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta (si ile ya waifai, mara nyingi iko kwenye kibandiko chini ya ruta)
- nywila ya waifai
- orodha ya kichwani ya vifaa vingine vya nyumbani vinavyotumia waifai, kama printa, kamera na taa

Hiyo orodha usiidharau. Ndiyo inayoamua jina lipi libaki na lipi libadilike.

## Kwa nini konsoli inang'ang'ania ya 2.4

Anayechagua bendi ni kifaa chenyewe kuliko ruta. Ruta inaweza kushawishi, lakini uamuzi wa mwisho ni wa konsoli, na konsoli nyingi huangalia nguvu ya mawimbi. Mawimbi ya 2.4 yanapenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo yanaonekana yana nguvu hata pale yalipojaa vurugu. Nguvu haisemi chochote kuhusu msongamano: waifai za majirani, bluetuthi, maikrowevu, vyote vinagombania eneo hilo, na ndani yake kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11.

Sababu ya pili hutajwa mara chache, nayo ndiyo inayoeleza kisa cha "jana ilikuwa sawa, leo umeme ulikatika ukarudi, konsoli imelegea." Baadhi ya chaneli za bendi ya 5, kuanzia 52 hadi 64 na 100 hadi 144, zinatumiwa pia na rada. Ruta ikiwashwa inalazimika kusikiliza kwanza kwa dakika nzima kabla ya kurusha kwenye chaneli hizo. Bendi ya 2.4 haina sharti hilo, inakuwa hewani mapema. Konsoli ikiamka inaikuta ya 2.4 peke yake, inaingia, na ikishaingia haihangaiki kutafuta nyingine. Inakaa humo hadi uizime.

## Hatua

1. Thibitisha konsoli iko bendi gani sasa. Usibuni. Fungua kivinjari kwenye simu, andika anwani ya ruta. Zinazokutwa sana ni `192.168.0.1`, `192.168.1.1`, `192.168.8.1` na `192.168.100.1`. Zisipofunguka, angalia taarifa za mtandao kwenye konsoli yenyewe, mstari ulioandikwa Default Gateway. Namba iliyopo hapo ndiyo anwani ya ruta. Ukiwa na kompyuta ya Windows, amri hii inakupa namba hiyohiyo:

```
ipconfig
```

Ukishaingia, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ruta nyingi huandika kando ya kila kifaa `2.4G` au `5G`. Kama majina hayaeleweki, zima konsoli kabisa (si kuilaza, maana ikilala inaweza kubaki mtandaoni), fungua orodha upya uone kilichotoweka. Ukiiwasha kitarudi, na utasoma bendi yake. Ukikuta tayari iko ya 5, shida yako si hii, na kutenganisha majina hakutakusaidia.

2. Pima kasi na uandike namba. Tumia kipimo cha konsoli yenyewe. Kwenye PS5 ni Settings > Network > Connection Status > Test Internet Connection. Kwenye Xbox kiko ndani ya Network settings. Kwenye Switch kiko ndani ya System Settings > Internet. Pima mara tatu, kwa sababu kwenye bendi iliyojaa kipimo kimoja kinadanganya. Namba hizi utazihitaji mwishoni.

3. Zima kiunganishi cha bendi. Kwenye mipangilio ya ruta fungua sehemu ya Wireless au WLAN, utafute swichi inayounganisha bendi mbili chini ya jina moja. Ruta nyingi huiita Smart Connect, nyingine Band Steering. Kuna zinazoiweka kama kisanduku kinachoomba kuipa bendi ya 5 kipaumbele. Izime, hifadhi. Sasa zitatokea sehemu mbili, ya 2.4 na ya 5, kila moja na mahali pake pa jina. Ruta nyingine hazina swichi hiyo kabisa. Sehemu mbili zipo tangu mwanzo, ni majina tu yaliyofanana.

4. Bendi ya 2.4 iachie jina la zamani, ya 5 ipe jina jipya. Hapa ndipo watu wanapojitafutia kazi ya siku nzima. Taa, kamera na printa nyingi zinajua 2.4 peke yake, na zimelikariri jina la zamani. Ukilibadilisha itabidi uziunganishe upya moja moja. Kwa hiyo kama jina ni `Nyumbani`, liache kwenye 2.4, na ya 5 iite `Nyumbani-5`. Usitie nafasi wala alama za ajabu kwenye jina. Usiifiche pia, jina lililofichwa halizuii wageni wenye nia, linakusumbua wewe unayeliandika kwa kidhibiti cha gemu.

Nywila inaweza kuwa ileile kwa bendi zote mbili. Hakuna ubaya, na unapunguza la kukumbuka.

5. Weka chaneli na usalama wa bendi ya 5. Ukiacha chaneli kwenye Auto, ruta inaweza kuhamia zile za rada, na umeshaona zinavyochelewa kuamka. Chagua mwenyewe 36, 40, 44 au 48. Hizi hazina kungoja. Upana wa chaneli weka `80 MHz`. Upande wa usalama chagua WPA2-PSK pamoja na AES, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukikuta palipoandikwa TKIP, ondoa mara moja. Huo ni usimbaji wa zamani, na ukiwa umewashwa kasi haivuki megabiti 54 hata ruta iwe mpya kiasi gani.

6. Hifadhi, kisha vumilia kukatika. Simu yako itatolewa kwenye mtandao kama ilikuwa bendi ya 5, maana jina ililolijua limeondoka pale. Hujaharibu kitu. Ngoja dakika moja, fungua orodha ya waifai kwenye simu, uone kama `Nyumbani` na `Nyumbani-5` yote yapo. Unganisha simu kwenye jipya, na hakikisha mtandao unafunguka kabla hujaigusa konsoli. Simu ikishindwa, konsoli nayo itashindwa, na kuandika nywila kwa kidhibiti mara nne bure ni adhabu.

7. Sahaulisha konsoli jina la zamani. Hatua hii inarukwa na wengi, nao ndio wanaorudi baada ya siku tatu wakisema haikusaidia. Konsoli ikibaki na `Nyumbani` kwenye kumbukumbu, siku ruta itakapochelewa kuwasha bendi ya 5 itarudi kule kimyakimya. Kwenye Switch nenda System Settings > Internet > Internet Settings, chagua jina la zamani, halafu Delete Settings. Kwenye PS5 nenda Settings > Network > Settings > Set Up Internet Connection, simama juu ya jina la zamani, bonyeza kitufe cha Options, uchague kulisahau. Konsoli ambayo hukioni kitufe cha kusahau, endelea na hatua ya 8, halafu uje usome kuhusu kichujio huko chini.

8. Ingiza jina jipya. Kwenye Xbox ni Set up wireless network, kwenye PS4 ni Settings > Network > Set Up Internet Connection, na kwenye PS5 na Switch ni palepale ulipofutia. Chagua `Nyumbani-5`, andika nywila ukichunga herufi kubwa na ndogo. Ikikubali, zima konsoli kabisa, iwashe tena, ndipo upime.

9. Linganisha. Rudi kwenye orodha ya vifaa ya ruta, uone konsoli sasa imeandikwa `5G`. Pima mara tatu tena kando ya zile namba za mwanzo. Kwenye mfano wetu, iliyokuwa ikiambulia 18 inatakiwa ikaribie ile 90 ya simu. Haitapita 100, kwa kuwa bendi haiwezi kukupa usicholipia. Aliye na kifurushi cha megabiti 20 ataona kasi ya kupakua ileile, lakini kule kurudishwa nyuma katikati ya mechi ndiko kutakakopungua.

## Wanapoteleza wengi

Wapo wanaoona `5G` wakadhani ni 5G ya mitandao ya simu, wakaogopa kwamba itakula bando. Hapana. Ni gigahezi 5 za waifai ya nyumbani, na data inapita njia ileile ya kila siku.

Wengine huogopa kwamba simu ikiwa 2.4 na konsoli ikiwa 5 hazitaonana, hivyo kucheza kwa mbali kupitia simu kutakufa. Majina ni mawili lakini mtandao wa ndani ni mmoja, zinaonana kama kawaida. Kinachozitenganisha ni swichi nyingine kabisa, AP Isolation, au mtandao wa wageni. Hiyo ikiwa imezimwa, lala salama.

Kosa jingine ni kuhamishia kila kitu ya 5 kwa furaha. Acha taa na printa zibaki 2.4, hazihitaji kasi. Simu za familia ziingize ya 5 zikiwa karibu, ila kumbuka kwamba aliyeingiza `Nyumbani-5` peke yake akienda chumba cha mwisho atapoteza mawimbi, na atakuja kukuuliza wewe.

## Ikigoma

Jina la 5 linaonekana kwenye simu, kwenye konsoli halipo. Karibu kila mara ni chaneli. Kuna konsoli ambazo haziruhusiwi chaneli fulani kulingana na nchi zilikouzwa, na za rada ndizo zinazoleta shida zaidi. Rudi hatua ya 5, weka 36 au 44. Kama tayari uko huko, angalia kama nchi iliyowekwa kwenye ruta ni sahihi.

Linaonekana, ila linakataa nywila iliyo sahihi. Yamkini umeweka WPA3 peke yake. Shusha hadi WPA2 na ujaribu tena. PS4 hasa haiijui WPA3.

Imeingia, lakini kasi ni mbaya kuliko kabla. Angalia nguvu ya mawimbi kwenye konsoli. Bendi ya 5 inachoka haraka mbele ya kuta za zege, na kioo kikubwa au kabati la chuma vinaimaliza. Konsoli iliyosukumwa nyuma ya televisheni iko mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa mgongo wa televisheni una chuma. Ivute pembeni hata sentimita 30, halafu upime. Nguvu ikibaki chini ya nusu, sogeza ruta au vuta waya. Kama vyote haviwezekani, 2.4 kwenye chaneli safi ni bora kuliko 5 inayokatikakatika, na hakuna aibu kurudi huko.

Lazima ubaki 2.4. Basi isafishe kadiri inavyowezekana. Weka upana wa `20 MHz` na chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wanaitumia kidogo. Kisha tazama diski ya nje iliyochomekwa kwenye konsoli: vifaa vya USB 3.0 na nyaya zake hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4 hasa. Kuisogeza diski mbali kwa waya mrefu kidogo wakati mwingine huleta nafuu kuliko kubadilisha chaneli.

Ruta haina swichi ya kutenganisha. Mifumo ya vituo vingi vinavyosaidiana nyumba nzima hupenda jina moja, na mingine haikuruhusu kabisa kugawa. Angalia kama inakuruhusu kuunda mtandao wa wageni wa bendi ya 5 pekee. Konsoli iingize huo. Gharama yake ni kwamba mtandao wa wageni kwa kawaida hutengwa na vifaa vingine, hivyo kucheza kwa mbali kupitia simu ukiwa nyumbani kunaweza kukataa. Wenye PS5 wana njia fupi: kwenye Set Up Internet Connection, simama juu ya jina la waifai, bonyeza Options, ufungue Wi-Fi Frequency Bands. Toa kwenye hali ya kujichagulia, weka 5. Ukiwa na chaguo hilo, hata kutenganisha majina si lazima, ingawa mimi bado napenda majina mawili kwa sababu naona kwa macho kifaa kipi kiko wapi.

Inarudi 2.4 kila umeme ukikatika. Kumbukumbu ya jina la zamani bado imo. Kama konsoli haikupi namna ya kulifuta, tumia kichujio cha ruta kinachoitwa MAC Filter. Chukua anwani ya `MAC` ya waifai ya konsoli kwenye taarifa zake za mtandao, uiandike kwenye orodha ya kukataliwa ya bendi ya 2.4 peke yake. Soma mara mbili kabla ya kuhifadhi: orodha ni ya kukataa, Deny au Blacklist. Ukiweka Allow kwa bahati mbaya, konsoli ndiyo itakayobaki peke yake kwenye 2.4, na vifaa vingine vyote vya bendi hiyo vitakatika papo hapo. Si kila ruta inayochuja kwa bendi moja. Kama kichujio chako kinashika bendi zote mbili kwa pamoja, usikitumie, kitaizuia konsoli kote.